Mazungumzo ya majaribio yanapopendelea upande mmoja: utatuzi wa matatizo katika kulinganisha matoleo mawili ya maelekezo ya mfumo

Maelekezo ya mfumo ni maandishi ambayo modeli ya lugha hupewa kabla ya ujumbe wa kwanza wa mtumiaji, yakiieleza ni nani inayemhudumia, izungumze kwa namna gani na ijizuie na nini. Anayeyabadilisha hutaka kujua kama toleo jipya ni bora kuliko la zamani, na njia ya kawaida ni kuandaa seti ya mazungumzo ya majaribio, kuyapitisha kwenye matoleo yote mawili na kulinganisha majibu. Mwongozo huu unahusu hali ambapo kazi hiyo imefanyika, matokeo yamepatikana, lakini kuna jambo ndani yake linalotia shaka.

Mfano utakaotumika ni wa huduma ya ushauri wa kilimo kwa njia ya ujumbe wa simu, inayowahudumia wakulima wa viazi mviringo na mahindi kutoka Mbeya na Rungwe hadi Njombe na Iringa. Toleo A la maelekezo linaiagiza modeli ijibu swali la mkulima moja kwa moja kwa Kiswahili chepesi. Toleo B ni hilo hilo, ila limeongezewa sharti moja: kabla ya kutoa ushauri wa dawa, modeli iulize umri wa zao, mahali shamba lilipo na dawa iliyokwisha kupigwa. Badiliko ni dogo kwa makusudi, kwa sababu ukibadilisha mambo manne kwa pamoja hutajua ni lipi lililoleta tofauti.

Dalili: ukirudia jaribio, mshindi anabadilika

Jumatatu toleo B limeshinda, Jumatano toleo A limeshinda, na hakuna aliyegusa neno hata moja la maelekezo. Chanzo ni kwamba modeli huchagua maneno kwa kiasi fulani cha bahati nasibu, na kiasi hicho hupangwa kwa kigezo kinachoitwa `temperature`. Kukishusha hadi sifuri kunapunguza mtawanyiko, lakini hakuhakikishi kwamba jibu litakuwa lile lile kila mara. Tena, kama huduma yenyewe inawajibu wakulima kwa kiwango kingine, utakuwa unapima kitu ambacho mkulima hakutani nacho.

Kipimo cha kwanza cha kufanya ni kulishindanisha toleo A na toleo A. Pitisha seti nzima mara mbili kwa maelekezo yale yale, yape majibu majina ya bandia kama vile “kundi la mto” na “kundi la mlima”, kisha wape watathmini, yaani watu au modeli wanaoamua ni jibu lipi bora, bila kuwaambia kwamba pande zote mbili zimetoka mahali pamoja. Iwapo kundi moja litashinda mazungumzo 12 na jingine 8, basi hiyo ndiyo tofauti inayoweza kuletwa na bahati peke yake, na ushindi wowote wa toleo B unaolingana nayo hauna la kusema. Watu wengi huruka hatua hii kwa kuiona kama upotevu wa muda, ilhali ni ya bei rahisi kuliko zote na ndiyo inayomfunza mtu kutoshangilia mapema.

Baada ya hapo, pitisha kila mazungumzo mara tatu hadi tano kwa kila toleo, na uyaunganishe matokeo yake kuwa hukumu moja: A, B au sare. Mazungumzo 60 yaliyorudiwa mara tano hayawi ushahidi wa vipande 300, kwa kuwa majibu matano kwa swali moja la mkulima mmoja yanafanana mno kuweza kuhesabiwa kama mashahidi watano. Sasa tuseme katika mazungumzo 60 sare ni 40, toleo B limeshinda 14 na toleo A limeshinda 6. Kwa macho, 14 kwa 6 ni ushindi mnono. Lakini ukirusha sarafu isiyo na hila mara 20, matokeo yenye mwachano huo au mkubwa zaidi, kwa upande wowote, hutokea takriban mara 11 au 12 katika kila 100. Matokeo ya 15 kwa 5, au yenye mwachano mkubwa zaidi, hutokea takriban mara 4 katika 100, na hapo ndipo mtu anaweza kuanza kuamini kwamba maelekezo ndiyo yaliyofanya kazi. Hesabu hii huyaacha mazungumzo ya sare kando na kuzitazama jozi zilizoamuliwa tu.

Kabla ya kuendelea, hakikisha vilevile kwamba matoleo yote mawili yalipitishwa kwenye modeli ile ile, kwa vigezo vile vile, na kwa kupishana ndani ya kipindi kimoja. Kigezo cha `max_tokens` ndicho kinachosahaulika zaidi: kikiwa kidogo, toleo lenye majibu marefu hukatwa katikati ya sentensi na kuonekana bovu kwa kosa lisilo lake.

Dalili: toleo jipya linashinda kwa kishindo kwenye seti, lakini wakulima hawaoni nafuu yoyote

Hii ndiyo dalili inayotokea mara nyingi zaidi, na chanzo chake huwa kwenye siku ambayo seti ilikusanywa. Kwa kawaida mtu hufungua kumbukumbu za huduma, akatafuta mazungumzo ambayo toleo A liliharibu, akayaweka kwenye faili, kisha akaandika toleo B huku faili hilo likiwa wazi mbele yake. Seti ya namna hiyo ni sawa na debe ambalo mnunuzi wa viazi amekuja nalo mwenyewe shambani: linaweza kuwa zima kabisa, lakini muuzaji hakushirikishwa kulichagua.

Kuna madhara mawili yaliyojificha hapo, na ni vyema kuyatenganisha. La kwanza ni kwamba baadhi ya makosa ya toleo A yalikuwa ya bahati mbaya tu. Kwa vile uliyachagua mazungumzo kwa sababu yaliharibika siku ile, toleo lolote litakalojaribiwa tena, hata toleo A lenyewe, litafanya vizuri zaidi. Njia ya kulibaini ni kulipitisha toleo A upya juu ya mazungumzo hayo hayo. Ikiwa sehemu kubwa ya yale yaliyoharibika sasa inapata majibu mazuri, basi sehemu hiyo ya ushindi wa B si ya B. Ndiyo maana majibu ya zamani yaliyo kwenye kumbukumbu hayafai kulinganishwa na majibu mapya ya toleo B. Pande zote mbili lazima zijibu upya.

Dhara la pili ni zito zaidi. Seti iliyotokana na makosa ya toleo A haina nafasi ambayo toleo B lingeweza kukosea. Fikiria ujumbe huu: “Mtoto wangu kanywa dawa ya viwavi ilikuwa kwenye chupa ya soda nifanyeje”. Toleo A, kwa kuwa linajibu moja kwa moja, huenda likamwambia mzazi ampeleke mtoto kituo cha afya mara moja na aichukue ile chupa ili mhudumu ajue ni dawa gani. Toleo B limeagizwa kuuliza maswali kabla ya kusema lolote kuhusu dawa, na modeli inayolitii sharti hilo kwa uaminifu inaweza kumuuliza mzazi huyo mahindi yake yana wiki ngapi. Ujumbe kama huo hautakuwamo kamwe kwenye orodha ya makosa ya toleo A, kwa sababu toleo A halikuukosea.

Dawa ya tatizo hili ni kuchota upya kutoka kwenye ujumbe wote ulioingia, si kutoka kwenye malalamiko, na kuchagua kwa bahati nasibu kwa kusoma ujumbe wa mkulima tu huku majibu ya zamani yakiwa yamefichwa. Uchotaji ufuate makundi. Nyanda za Juu Kusini kwa sehemu kubwa zina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza karibu na Novemba na kuishia Aprili au Mei, na maswali hubadilika kwa kuufuata: mwanzoni ni mbegu na mbolea ya kupandia, katikati ni kiwavijeshi vamizi na ukungu wa viazi, na baada ya mavuno ni uhifadhi wa mahindi na bei za masoko ya Mwanjelwa au Makambako. Anayechota ujumbe wa Januari peke yake anapata seti iliyojaa maswali ya dawa, yaani maswali yale yale ambayo sharti jipya la toleo B liliandikwa kwa ajili yake.

Kisha ongeza kwa mkono makundi mawili ambayo uchotaji wa bahati nasibu unaweza kuyakosa. Kundi moja ni la mazungumzo ambapo sharti jipya halipaswi kufanya kazi, kama vile mkulima aliyekwisha kutaja kila kitu kwenye ujumbe wake wa kwanza, au anayeuliza bei ya gunia. Kundi la pili ni la hatari, ambamo kuchelewa au kukosea kunadhuru mtu. Makundi haya yaandikwe na mtu ambaye hajaliona toleo B. Bwana shamba au bibi shamba wa kata anafaa kuliko mhandisi aliyeandika maelekezo, kwa kuwa yeye huandika yale anayoulizwa na wakulima, wakati mhandisi, hata bila kukusudia, huandika yale anayojua kwamba maelekezo yake yatayamudu.

Angalia pia kama kuna mifano iliyowekwa ndani ya maandishi ya toleo B ambayo inafanana na mazungumzo ya seti. Ukikuta toleo B lina mfano wa mkulima wa viazi wa Uporoto ambaye dawa yake imesombwa na mvua, na kwenye seti yumo mkulima wa viazi wa Uporoto ambaye dawa yake imesombwa na mvua, ondoa kimoja kati ya hivyo viwili.

Dalili: kuanzia ujumbe wa pili, toleo jipya linajibu kama la zamani, au linajibu kama lililochanganyikiwa

Hapa tatizo limo kwenye mazungumzo marefu. Tuseme umechukua mazungumzo halisi kutoka kwenye kumbukumbu. Mkulima alieleza kwamba majani ya viazi yameungua, toleo A likampa ushauri wa dawa ya ukungu, naye akaandika: “Hiyo dawa nimepiga juzi lakini mvua ikanyesha usiku”. Sasa unalipa toleo B historia hiyo yote na kulitaka liandike jibu linalofuata. Modeli inaiona historia ile kama maneno yake yenyewe, na modeli huwa na mwelekeo mkubwa wa kuendeleza mtindo ilioanza nao. Ikiona kwamba “ilikwisha” kutoa ushauri bila kuuliza, itaendelea bila kuuliza. Kwa hiyo unachokipima si toleo B, bali ni toleo B lililofungwa kamba na majibu ya toleo A.

Upande wa mkulima nao umeharibika. Maneno “hiyo dawa” yanarejea ushauri ambao toleo B lisingeutoa. Kama mkulima angeulizwa kwanza ni dawa gani amekwisha kupiga, habari ya mvua ingejitokeza mapema na mazungumzo yangeshika njia nyingine kabisa. Kumbukumbu zina mkulima aliyejibu toleo A. Mkulima aliyejibu toleo B hayupo popote.

Tiba nyepesi ni kuikata historia kwenye ujumbe wa kwanza wa mkulima na kulinganisha jibu la kwanza tu. Inafaa pale ambapo badiliko la maelekezo linahusu lugha, urefu au heshima. Kwa mfano wetu haitoshi, kwa sababu faida ya kuuliza haionekani kwenye jibu la kwanza: pale toleo B lina swali tu, na toleo A lina ushauri kamili, hivyo toleo B litashindwa bila haki. Inabidi mazungumzo yaendelee hadi mwisho wake, na ili yaendelee anahitajika mkulima wa kuigiza anayeweza kumjibu yeyote. Mkulima huyo huandikiwa kadi, na kadi hiyo hiyo hutumika kwa matoleo yote mawili:

```json
{
  "id": "viazi-07",
  "ujumbe_wa_kwanza": "shkamo naomba msaad viaz vyang vimeungua majan",
  "anachojua": {
    "eneo": "Uporoto",
    "umri_wa_zao": "wiki 7",
    "dawa": "alipiga ya ukungu juzi, mvua ikanyesha usiku"
  },
  "hajui": ["jina la ugonjwa", "jina la dawa"],
  "uvumilivu": "akiulizwa zaidi ya maswali mawili mfululizo, haandiki tena"
}
```

Anayeigiza, awe mtu au modeli nyingine, hutoa kilichomo kwenye `anachojua` pale tu anapoulizwa, na akiulizwa kilichomo kwenye `hajui` hujibu kwamba hajui. Hapaswi kujua ni toleo lipi analozungumza nalo. Sehemu ya `uvumilivu` ndiyo inayoachwa na wengi na ndiyo inayoleta haki kwa mfano huu. Modeli ikipewa kazi ya kuigiza mkulima huwa msikivu kupita kiasi: hujibu kila swali kwa sentensi nzima na kushukuru. Mkulima halisi aliyesimama kando ya shamba na salio dogo la simu huacha kujibu. Bila mstari ule, toleo linalouliza maswali sita litaonekana makini, ilhali shambani lingekuwa limekwisha kuachwa peke yake.

Ujumbe wa kwanza nao usirekebishwe. Uachwe na makosa yake ya tahajia, vifupisho vyake na maneno ya lugha za nyumbani, kama “kamwene” ya mtu wa Njombe na “ndaga” ya mtu wa Rungwe, kwa sababu ukisafishwa utapima jinsi matoleo yanavyowahudumia watu wanaoandika Kiswahili cha shule. Kinachoondolewa ni majina, namba za simu na chochote kinachoweza kumtambulisha mwenye ujumbe.

Dalili: watathmini wanachagua jibu refu, au lile waliloonyeshwa kwanza

Badilisha mpangilio kwenye nusu ya jozi na uone kama hukumu zinafuata nafasi. Ikiwa mtathmini ni modeli, ipe kila jozi mara mbili kwa mpangilio uliogeuzwa, na hukumu zikipingana andika sare. Ila kasoro iliyo ngumu kuiona huwa kwenye karatasi ya vigezo. Kigezo kinachouliza “Je, iliuliza umri wa zao?” kimenakiliwa kutoka kwenye toleo B, na toleo A haliwezi kukipata hata lingetoa ushauri sahihi kuliko wote. Uliza badala yake jambo ambalo matoleo yote mawili yana nafasi sawa ya kulitimiza: baada ya mazungumzo haya, mkulima angefanya jambo sahihi kwa shamba lake, na je, angelielewa bila kupigiwa simu? Vigezo viandikwe kabla ya jibu lolote kusomwa. Kumficha mtathmini jina la toleo ni lazima, ingawa kwa mfano huu kificho hakikamiliki, kwa kuwa anayeona maswali mengi atakisia. Ndiyo sababu nyingine ya kuhukumu mwisho wa mazungumzo kuliko mwenendo wake.

Dalili: karibu kila kitu ni sare

Mara nyingi seti ni rahisi mno, au badiliko haligusi ujumbe uliomo. Usiyatupe mazungumzo ambayo matoleo yote mawili yanayaweza, kwa maana ndiyo yatakayokuonyesha siku toleo fulani litakapoharibu kilichokuwa kizima. Ongeza magumu, ukiyachota kwa utaratibu ule ule, na usichague kwa kuangalia ni upande gani ungeshinda.

Dalili: jumla ni nzuri, lakini mtu mmoja kwenye timu hataki toleo B litumike

Huenda amesoma kundi kwa kundi. Tuseme toleo B limeshinda 15 kwa 5 kwa jumla, na ushindi huo umetoka karibu wote kwenye maswali ya magonjwa ya viazi. Kwenye bei na uhifadhi ni sare. Kwenye kundi la hatari kuna mazungumzo manne, na katika moja toleo B limemuuliza mzazi swali la shamba kabla ya kumtaja mhudumu wa afya. Hilo moja halimezwi na yale 15. Kundi la hatari husomwa peke yake, na kosa lolote ndani yake hulirudisha toleo kwa mwandishi, ambaye kwa mfano huu ataongeza kwamba sharti la kuuliza halihusu mtu aliyekunywa au kumwagikiwa na dawa.

Toleo lililorekebishwa haliwezi kupimwa tena kwa mazungumzo yale yale manne peke yake, kwa kuwa sasa limeandikwa kwa kuyatazama. Ndiyo kazi ya akiba: tangu siku ya uchotaji, weka kando takriban theluthi ya mazungumzo ya kila kundi, likiwamo la hatari, katika faili ambalo mwandishi wa maelekezo hana ruhusa ya kulifungua. Marekebisho yote hufanyika kwa kutumia sehemu iliyobaki, yaani sehemu ya kazi, hata kama ni mara nyingi, na akiba hupitishwa mara moja tu, pale uamuzi unapotakiwa. Ikiwa alama za sehemu ya kazi zimekuwa zikipanda kwa kila rekebisho huku akiba ikionyesha sare, basi maelekezo yamejifunza seti. Akiba iliyokwisha kufunguliwa huhamishiwa kwenye sehemu ya kazi, na nyingine huchotwa kutoka kwenye ujumbe wa msimu unaofuata.